Kasha la misumari ya shaba: uchambuzi wa kisa cha kubeki ramani ya nomali

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika timu ndogo ya watu wanne waliokuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta ambao mandhari yake ni mji wa mawe wa pwani. Majina ya wahusika, ya mji na ya mchezo nimeyaondoa. Nami nilihusika, kwa kuwa ndiye niliyejenga modeli nyepesi, na makosa mawili kati ya yatakayoelezwa hapa ni yangu.

Kitu chenyewe kilikuwa kasha la mbao la aina ambayo wengi wetu tumeiona kwa bibi zetu: urefu wa sentimita 110, upana wa 50, kimo cha 55, lenye paneli za nakshi mbele, droo chini, misumari ya shaba iliyopangwa mistari kwa mistari, vishikio vya pete ubavuni na kitasa kikubwa. Kifuniko kilitakiwa kionekane kimezeeka, kikiwa kimebonyea kidogo katikati. Kasha halikuwa la kufunguliwa na mchezaji, ingawa angeweza kulisogelea hadi umbali wa hatua moja.

Kwa wasiofanya kazi hii kila siku, niseme kwanza ni nini kinachofanyika. Mchongaji hutengeneza modeli nzito, ambayo kwetu ilikuwa na poligoni zinazokaribia milioni nne, na ndani yake kila mchirizi wa mbao na kila kichwa cha msumari ni umbo halisi. Mchezo hauwezi kubeba uzito huo kwa kila kitu kilichomo chumbani, kwa hiyo hujengwa modeli nyepesi yenye umbo la jumla tu. Bajeti yetu ilikuwa pembetatu 1,500. Kubeki ni kurusha miale kutoka nje ya modeli nyepesi kuelekea ndani, kila mwale ukaigonga modeli nzito, na mwelekeo wa uso ulipogongwa, yaani nomali yake, ukaandikwa kama rangi ya pikseli katika picha. Picha hiyo ndiyo ramani ya nomali. Injini ya mchezo huisoma na kuupokea mwanga kana kwamba nakshi zipo, ilhali uso ni bapa.

Jambo ambalo hatukulitilia maanani vya kutosha, na ambalo kisa kizima kinalizunguka, ni kwamba ramani hii haihifadhi sura ya modeli nzito peke yake. Inahifadhi tofauti kati ya nomali za modeli nzito na nomali za modeli nyepesi ileile iliyotumika siku ya kubeki. Ukiigusa modeli nyepesi baadaye, hata kwa namna ambayo macho hayaioni, tofauti iliyoandikwa inakuwa ya kitu ambacho hakipo tena.

Maamuzi kabla ya kubeki

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kugawa kipi kiwe umbo halisi na kipi kiachiwe ramani. Ramani ya nomali hudanganya mwanga, lakini haiwezi kubadilisha mstari wa nje wa kitu. Pete za vishikio na kitasa huonekana dhidi ya ukuta ulio nyuma yake, kwa hiyo vilijengwa kama umbo hata katika modeli nyepesi. Misumari, ambayo ilizidi mia nne, iliachiwa ramani, kwa kuwa nusu-tufe moja yenye pembetatu 16 tu, ikizidishwa mara mia nne, ingekula bajeti yote mara nne na zaidi.

Uamuzi wa pili ulihusu mteremko wa kuta za nakshi. Mchongaji alikuwa amezichonga karibu wima, kama patasi halisi inavyoacha, kwa kina cha milimita 8. Tatizo ni kwamba mwale unaotoka juu na kwenda moja kwa moja chini hauoni ukuta uliosimama wima. Tulikuwa na picha ya pikseli 2048 kwa 2048, ambayo kwa eneo la kasha letu ilitoa takribani pikseli 12 kwa kila sentimita. Ukuta ulioegemea nyuzi 10 tu kutoka wima unachukua milimita 1.4 za upana ukitazamwa kutoka juu, nazo ni pikseli zisizofika 2. Kwenye skrini huonekana kama uzi uliokatikakatika. Tulimwomba alegeze kuta hizo hadi nyuzi 45. Hakufurahi, na nilimwelewa, kwa sababu katika dirisha lake la kuchongea nakshi zilianza kuonekana butu kama zilizopigwa msasa. Hata hivyo kila ukuta sasa ulipata karibu pikseli 10, na ndani ya mchezo nakshi zilisomeka kali kuliko zile za wima.

Katika modeli nyepesi, pembe zote za kiwiliwili cha kasha niliziwekea kingo kali, yaani nomali hazilainishwi kutoka uso mmoja kwenda mwingine, na kila palipo na ukingo mkali nikakata pia mshono wa UV, yaani wa mpangilio unaokunjua nyuso za modeli zilale bapa juu ya picha. Kingo kali zisipokatwa katika UV, pikseli moja hulazimika kubeba majibu ya nyuso mbili zinazotazama pande tofauti, na mstari huonekana pembeni. Ukingo wa kumwagia rangi nje ya visiwa vya UV, ambao Blender, programu tuliyoitumia kubeki, huuita Margin, niliuweka pikseli 16. Picha yenyewe ilipangwa Non-Color, ili programu isizipindishe namba kwa kudhani ni rangi za kawaida.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Nilibeki kwa injini ya Cycles ndani ya Blender, nikitumia Selected to Active, yaani mpangilio wa kubeki kutoka modeli moja kwenda nyingine. Mara ya kwanza niliacha bila alama Cage, yaani kizimba, ganda lililovimbishwa kuizunguka modeli nyepesi ambako miale huanzia. Katika hali hiyo miale ya kila uso bapa hushuka moja kwa moja, sambamba, bila kujali uso wa jirani. Misumari ilitoka mizuri, ya mviringo kabisa, lakini pembe za kasha zilikuwa na mstari mkali kana kwamba zimekatwa kwa wembe. Sababu yake ni hii: mchongaji alikuwa amezisugua pembe zikawa mviringo, kama mbao iliyozeeka, na miale inayoshuka wima ukingoni ilipita hadi upande wa pili wa mviringo huo. Kila uso ukaandika pembe nzima peke yake, badala ya kila mmoja kuandika nusu yake na kukutana katikati.

Mara ya pili nikaweka alama kwenye Cage. Hapa miale haitoki tena wima. Mwelekeo wake hutokana na wastani wa nomali za nyuso zinazokutana kwenye kila kipeo, yaani nukta ambapo kingo za umbo hukutana, kisha hugeuka taratibu kuelekea katikati ya uso. Pembe zikakutana vizuri, mstari ukatoweka. Misumari ndiyo ikaharibika: iliyo katikati ya paneli ilisimama wima, na kadiri ulivyokaribia ukingo ilizidi kulala, kama mashua zilizoachwa na maji kupwa.

Kiasi cha kulala kwake kinahesabika. Karibu na ukingo wa nyuso mbili zinazokutana kwa pembe mraba, mwale huegemea karibu nyuzi 45. Kichwa cha msumari kilikuwa na kimo cha milimita 6 na upana wa milimita 12, kwa hiyo ncha yake iliandikwa milimita 6 mbali na mahali pake, ambayo ni nusu nzima ya upana wake. Msumari mmoja kwetu ulikuwa na pikseli 14 hivi; ncha iliyohama kwa pikseli 7 haiwezi kufichika.

Rafiki mmoja wa timu alishauri tupunguze thamani ya Extrusion, yaani umbali wa kizimba kutoka kwenye uso, akidhani kizimba kilichokaribia uso kitanyoosha miale. Tulijaribu, na haikunyooka, kwa sababu umbali wa kizimba haubadilishi mwelekeo wa mwale, unabadilisha tu unapoanzia. Tulichopata ni vichwa vya misumari vilivyokatwa juu, kwa kuwa miale ilianza chini ya ncha zake.

Suluhisho lilitokana na kutazama mwelekeo unapogeukia. Wastani wa nomali hutokea kwenye vipeo, na uso wa mbele wa kasha ulikuwa na vipeo vinne tu, vyote pembeni kabisa, kwa hiyo mgeuko ulisambaa uso mzima. Nilitengeneza nakala ya modeli nyepesi na kuikata mikanda ya vipeo sentimita 1.5 kutoka kila ukingo. Isipokuwa kwa misumari minane nitakayoitaja mwishoni, msumari wa kwanza ulikuwa sentimita 2.5 kutoka ukingoni. Mgeuko wote wa miale ukabanwa ndani ya ule ukanda wa sentimita 1.5, ambamo hamna kitu isipokuwa pembe iliyosuguliwa inayouhitaji. Baada ya hapo miale ilishuka wima.

Nilibeki kwenye nakala hiyo, kisha nikaiweka ramani kwenye modeli ya awali isiyo na mikanda. Msomaji makini atauliza kama hili halipingani na niliyoyasema mwanzo. Halipingani, kwa nyuso bapa zenye kingo kali pekee: nomali za uso kama huo ni zilezile kila mahali, ukiukata mara mbili au mara ishirini, na UV zake hazipindi. Modeli mbili zinatofautiana kwa idadi ya vipeo lakini haziachani kwa mwangaza. Kwenye kifuniko kilichobonyea, ambacho nomali zake zinalainishwa kutoka kipeo hadi kipeo, mikanda hubadilisha nomali zenyewe. Huko niliiacha mikanda ibaki hadi mwisho. Kifuniko kilikuwa gridi ya vigae 4 kwa 3 na kikawa 6 kwa 5; pamoja na pande zake, gharama ilikuwa pembetatu 52, na modeli nzima ikafika 1,256.

Ndani ya Blender kasha likapendeza. Nililitoa kwa faili ya FBX nikalikabidhi kwa mpangaji wa mandhari, ambaye alifanya kazi ndani ya injini ya mchezo wetu, Unreal Engine. Kesho yake asubuhi akanipigia simu.

“Kaka, misumari yako imezama.”

“Imezama vipi?” nikamwuliza.

“Njoo uone. Na kifuniko kina michirizi kama kitambaa kilichokunjwa.”

Tulichokiona ndani ya injini

Kosa letu kubwa la kikazi lilikuja hapa: tuliyachukulia mambo mawili kuwa moja. Kwa kuwa yalijitokeza pamoja, tulidhani yana chanzo kimoja, na kwa siku mbili tukawa tunapunguza nguvu ya ramani ndani ya materiali. Kila tulipopunguza, michirizi ilififia, nakshi nazo zikafifia, tukawa tunabishana ni kipimo gani kinavumilika. Sitasema ni nani aliyefikiria hivyo kwanza, ila hakuwa mpangaji wa mandhari.

Tulitoka kwenye mkwamo huo pale mmoja wetu alipotengeneza kibao cha mraba chenye nusu-tufe moja katikati, akakibeki na kukipitisha njia ileile hadi ndani ya injini. Kazi hiyo ilichukua chini ya saa moja. Mwanga ukitoka kushoto, nusu-tufe ilionekana imetokeza kama inavyopaswa. Mwanga ulipohamishwa juu, iligeuka kibonyeo. Hilo lilitosha. Kosa linaloonekana kwa mwanga wa juu na chini lakini halionekani kwa mwanga wa kushoto na kulia ni kosa la chaneli ya kijani, kwa maana nyekundu hubeba mwelekeo wa mlalo na kijani hubeba wa wima.

Tulifungua ramani na kusoma pikseli moja juu ya ubao huo, upande wa juu wa nusu-tufe, mahali uso unapotazama juu kwa nyuzi 45. Namba zake zilikuwa hizi, pamoja na jinsi zinavyobadilishwa kuwa mwelekeo:

```
n = 2 * (c / 255) - 1
(128, 218, 218)  ->  (0.00, 0.71, 0.71)
```

Blender huandika kijani kwa desturi ya OpenGL, ambapo thamani kubwa humaanisha kutazama juu. Unreal husoma kwa desturi ya DirectX, ambapo thamani kubwa humaanisha kutazama chini. Pikseli iliyosema “juu” ilisomwa “chini”, na msumari uliotokeza ukawa shimo. Dawa ilikuwa kuweka alama kwenye Flip Green Channel katika mipangilio ya tekscha. 218 ikawa 37, na misumari ikapanda mahali pake. Tungeweza pia kubadilisha G kuwa -Y katika sehemu ya Swizzle ya Blender kabla ya kubeki. Kinachokatazwa ni kufanya yote mawili, na nakiri kwamba siku hiyo kwa dakika kumi tulifanya hivyo, tukarudi tulikoanzia.

Michirizi ya kifuniko haikuondoka, na sasa ilikuwa wazi kwamba ni jambo jingine. Kibao cha majaribio hakikuionyesha kwa sababu kilikuwa bapa. Dalili mbili zilituongoza. Michirizi ilifuata mistari ya umbo, kutoka kona ya kigae hadi kona ya pili, bila kufuata mchoro wowote wa mbao. Halafu ilikuwepo kifunikoni tu, mahali pekee ambapo nomali zilikuwa zinalainishwa juu ya vigae visivyo bapa kabisa.

Tuliwasha mwonekano wa waya ndani ya injini na kuulinganisha na ule wa Blender. Mimi nilikuwa nimetoa FBX yenye vigae vya pande nne. Kigae cha pande nne lazima kikatwe kuwa pembetatu mbili, na ulalo wa kukatia ni mmoja kati ya miwili. Blender wakati wa kubeki ilichagua ulalo wake, na injini wakati wa kupokea faili ikachagua wake. Katika vigae kadhaa haikuwa ileile. Kwenye kigae bapa hilo halina madhara. Kwenye kigae kilichobonyea, ulalo huamua nomali zinavyochanganywa katikati yake, na ramani iliyobekiwa ilikuwa imeandika masahihisho ya mchanganyiko wa kwanza. Masahihisho ya ulalo mmoja, yakiwekwa juu ya ulalo mwingine, ndiyo michirizi tuliyoiona.

Niliongeza kirekebishi cha Triangulate kwenye modeli ya kifuniko kabla ya kubeki, nikabeki upya kifuniko peke yake, na nikatoa FBX ikiwa tayari imekatwa pembetatu, ili injini isibaki na cha kuchagua. Michirizi ikaisha.

Matokeo

Kasha lilikubaliwa siku ya tisa tangu kubeki kwa kwanza. Nilikuwa nimeahidi siku tatu. Idadi ya pembetatu ilibaki 1,256, na ramani moja ya 2048 ilitosha. Vitu viwili vilivyofuata katika mchezo huo, kiti cha enzi na mlango wa nakshi, vilipita njia hiyo bila kurudishwa.

Uchambuzi

Mteremko wa kuta za nakshi ulikuwa uamuzi bora kuliko yote, na uliwezekana kwa sababu hesabu ya pikseli kwa sentimita ilifanywa kabla mchongaji hajamaliza. Ingefanywa baadaye, hakuna mpangilio wa kubeki ambao ungeokoa kuta za wima. Habari ambayo mwale haukuigusa haimo katika picha. Mikanda ya sentimita 1.5 nayo ilifanya kazi, lakini ni vizuri kuona ukomo wake. Ilifaa kwa sababu karibu misumari yote haikuwa imefika ukingoni. Kwenye kona za droo za chini kulikuwa na misumari minane iliyokaa sentimita moja tu kutoka pembeni, ndani ya ukanda wa mgeuko, nayo hadi leo imelala kidogo. Tuliiacha, kwa kuwa iko karibu na sakafu na kivulini.

Kilichoshindwa zaidi ni utaratibu wetu wa kuhakiki. Nilihakiki ramani ndani ya programu ileile iliyoibeki, ambayo kwa hakika ilitumia desturi yake ya kijani na ulalo wake mwenyewe. Uhakiki wa namna hiyo ni sawa na kumwuliza mtu kama anakubaliana na nafsi yake. Kibao chenye nusu-tufe kingepitishwa siku ya kwanza, suala la kijani lingejulikana kabla kasha halijaanza kujengwa. Hata hivyo nisikisifu kupita kiasi: kibao bapa kisingeweza kamwe kufichua kosa la ulalo. Baada ya kisa hiki tumekiongezea kipande kilichopinda chenye vigae vinne, na hicho ndicho kinachopitishwa sasa kila tunapobadilisha toleo la programu au la injini.

Kupunguza nguvu ya ramani kulikuwa kosa la aina nyingine, kwa sababu kulionekana kama maendeleo. Ramani iliyopotoka na ramani sahihi zote hufifia zikipunguzwa, kwa hiyo jaribio hilo halikuwa na uwezo wa kutofautisha chochote. Ilivyokuwa, jaribio la kuhamisha taa kutoka kushoto kwenda juu lilitoa jibu kwa sababu makosa mbalimbali hujibu tofauti kwa kitendo hicho.

Kuna jambo ambalo ramani haikutatua na ambalo tulilijua tangu mwanzo. Mchezaji akiinama na kutazama uso wa mbele wa kasha kwa mshazari mkali, misumari hulainika na kuonekana kama madoa ya rangi, maana mstari wa nje wa paneli ni mstari ulionyooka. Mpangaji wa mandhari aliliweka kasha ubavu kwa ukuta, akaweka na mtungi upande ule ambao mchezaji angeweza kupita kwa karibu.